Mustari ya pili inaonekana kwa shida ku testi ya mimba: ni mimba, ni kukauka tu, ao ni mimba yenye inatoka mapema?

Ku labo fasi ninatumika huku Bukavu, haipitake wiki bila mama ao dada kutosha mu sakoshi testi ya mimba yenye imefungwa mu karatasi, anaiweka ku meza, anasema angalia weye mwenyewe, mistari ni mbili ao ni moja? Na kweli ukiinamisha kichwa ukageukia dirisha unaona kitu. Ya C, ile ya kuonyesha testi inatumika, iko nyekundu safi kabisa, ya T, ile ya mimba, iko pale lakini ni kama haiko. Mimi sijibu kwanza. Ninauliza: hii mustari uliiona kisha minuti ngapi? Mara mingi jibu inakuwa "asubui haikuonyesha kitu, nikaitupa mu pubeli, saa sita nikarudia kuiangalia nikakuta imetoka." Hapo ile testi haituambie tena kitu, ata tukiiangalia na tochi tatu.

Sasa hii mwongozo ni ya ile mustari moja tu, ile ya kubishana. Nitaeleza inatoka wapi, namna ya kupima ili isikudanganye, namna ya kuisoma, na kama inafifia siku kwa siku ni nini inaendelea mu mwili.

Ile mustari inatoka wapi

Mimba ikishajibandika mu kizazi inaanza kutosha homoni yenye banaitaka hCG, inaingia mu damu, kisha inapita mu mukojo. Mu bandeleti, ile karatasi ya testi, kuko chembe ndogo sana za dhahabu, dhahabu ya kweli, yenye ikiwa ndogo vile inakuwa na rangi ya rozi nyekundu, na zimepakwa protini yenye inashika hCG. Mukojo unapanda mu karatasi unazibeba. Fasi ya T, ku izine walishachora mustari ya protini ingine yenye nayo inashika hCG, kwa hiyo kama hCG iko, dhahabu inakwama pale na rangi inatokea. Kama haiko, chembe zinapita mpaka ku C, kule zinakwama ata kama hakuna mimba, ndiyo maana C inatokaka kila mara, kazi yake ni kukuambia mukojo ulifika na testi inatumika. C ikikosa kutoka, ile testi ni ya kutupa, usiisome.

Sasa ona hii: ule mustari wa protini ya T uko mu kila bandeleti, ata ukiweka mukojo ya mwanaume. Karatasi ikiwa na maji hauonekane, lakini ikikauka, pale protini iko panashika mwangaza tofauti na pengine, panabaki kivuli cha majivu, ni kama maji ya chumvi ikikauka ku nguo nyeusi. Ile njo mustari ya kukauka. Haina mimba ndani, ni alama ya izine tu.

Hatua ya 1: hesabu siku mbele ya kununua

Mistari mingi ya mashaka inakuja ju mutu alipima mapema sana. Yai likishatoka na kukutana na mbegu, linatembea siku kadhaa mbele ya kujibandika, kawaida ni kati ya siku ya 6 na ya 12 kisha kutoka, na kwa wengi ni siku ya 8, 9 ao 10. Mbele ya pale hCG haiko, ata ukipima mara ngapi. Kisha kujibandika inaanza kidogo kabisa, inajizidisha mara mbili kila siku mbili ao tatu hivi.

Bandeleti zenye zinauzishwa mu farmasi zetu mingi zimeandikwa 25 mIU/ml. Maana yake inahitaji hCG ifikie pale ndio ionyeshe mustari bila shida. Kwa mutu mwenye regli yake inakuja kila siku 28, kile kiwango kinafikiwa karibu na ile siku yenye regli ilipashwa kuja, wengine siku mbili tatu kisha. Kwa hiyo ukipima siku nne mbele ya regli ukapata kitu cha kubahatisha, si ajabu, pengine hCG iko ku 10 inapanda, pengine haiko kabisa. Ukiweza kungojea mpaka siku ya kwanza ya kuchelewa, ngojea, utajiepusha na maneno mingi.

Kama regli zako zinarukaruka, mwezi moja siku 26 mwezi ingine 38, usihesabie regli, hesabia siku mulikutana na bwana: kisha wiki tatu jibu ya testi inakuwa ya kuaminika.

Hatua ya 2: bandeleti gani

Ile ya karatasi nyembamba, ya bei ndogo, yenye rangi ya rozi, inatosha. Ile ya rangi ya bluu mimi siipendi kwa hii maneno, kivuli cha kukauka kinafanana sana na bluu ya kufifia na mutu anakosea kirahisi, lakini rozi na majivu jicho inaweza kuzitofautisha.

Angalia vitu viwili ku mufuko: tarehe ya mwisho, na kama mufuko haujafunguliwa wala kutobolewa. Wengi wanaandika iwekwe kati ya digri 2 na 30, kwa hiyo ile yenye ilikaa mu dirisha ya kiosk jua inaipiga kutwa nzima usiichukue. Na usikubali muuzishaji akukatie moja mu paketi ya wazi. Chukua mbili ao tatu za aina moja, kama inawezekana zenye nambari moja ya lo, utaona ku hatua ya 5 ni kwa nini.

Hatua ya 3: kupima yenyewe

Mukojo ya asubui ya kwanza, mbele ya chai na mbele ya maji. Usiku mukojo inakaa saa mingi, hCG inajikusanya. Ukikunywa maji mingi ili upate kukojoa haraka unaizimua, na kama hCG yako ingali ndogo mustari inaweza kupotea kabisa. Kama ni lazima upime mchana, kaa saa nne bila kukojoa na bila kukunywa sana.

Kojoa mu kikombe kikavu kisafi, si ile kopo ilikuwa na sabuni ya Omo. Fungua mufuko pale pale, usiifungue mbele ya saa. Chovya bandeleti na mishale ikiangalia chini, mukojo isipite ile mustari ya MAX, hesabu zile sekonde notisi inasema, kawaida kati ya 5 na 10, kisha uilaze ku fasi kavu ya sawasawa. Usiisimamishe ku ukuta, usiitingishe. Kuzamisha kupita MAX ndiyo kosa ninaonaka zaidi: rangi inafurika inachafua karatasi nzima, kisha mutu anaona mustari ndani ya ile uchafu.

Weka minuteri ku telefoni. Hii hatua njo batu banairuka na njo ya maana kupita zote.

Hatua ya 4: kusoma, kisha kutupa

Notisi ya kila testi inaandika saa yake, bandeleti mingi ni minuti 3 mpaka 5, na kwamba kisha minuti 10 usisome tena. Fuata ile ya paketi yako. Soma ku mwangaza ya dirisha ao inje. Kama umeme umekatika na unatumia tochi ya telefoni, ujue tochi ikipigwa kwa upande inaumba kivuli, inaonyesha ata ile alama ya protini yenye haina rangi. Ni afazali ungojee kupambazuke ndio upime.

Mu ile minuti, angalia mustari ya T na ujiulize mambo tatu. Iko na rangi? Rozi, ata kama ni nyepesi sana, lakini rozi ya jamaa moja na C. Iko na upana sawa na C, inaanzia juu mpaka chini ya karatasi? Ilitoka mbele ya saa ya notisi kwisha? Ndiyo tatu: hiyo ni pozitifu. Kufifia haibadilishe jina. Mimba ndogo haiko, hCG njo iko ndogo. Mustari ya rozi yenye ilitoka ku minuti ya 4 inamaanisha hCG iko mu mukojo, na kwa mwanamuke mwenye hakupigwa sindano ya hCG, karibu kila mara ile hCG imetoka ku mimba.

Sindano ya hCG ni ile yenye munganga wa uzazi anapigaka ili yai litoke, inaweza kubaki mu mwili siku 10 mpaka 14. Kama ulipigwa, muulize munganga siku gani upime. Dawa za malaria, antibiotiki, vidonge vya kupanga uzazi, sindano ya miezi tatu, hizo zote hazileteke mustari ya pili. Ninasema ju ninasikiaka sana "ni ile Coartem nilikunywa." Hapana, Coartem haiwezi.

Mustari ya kukauka yenyewe inajulikana hivi: ni ya majivu ao nyeupe-nyeupe, nyembamba kama uzi kuliko C, mara ingine inafika katikati tu, na ilionekana kisha karatasi kuanza kukauka. Kuko na yenye inasumbua zaidi, ni ile ya rozi yenye inatokea kisha nusu saa ao kisha saa moja. Watu wanasema "lakini iko na rangi!" Ndiyo, iko na rangi, ju rangi yenye ilibaki mu karatasi inaweza kujikusanya pole pole pale ku T wakati maji inakauka. Inaweza pia kuwa hCG ndogo sana ya kweli. Kwa macho haiwezekani kutenganisha, ata munganga haiwezi, kwa hiyo jibu yake ni moja tu: haihesabike, pima tena.

Ndio maana ninasema tupa. Ukishasoma ku minuti ya 5, piga foto kama unataka kukumbuka, kisha itupe kabisa. Usiivunje ile ya plastiki kutosha karatasi ndani, usitume foto ku WhatsApp ya kundi bamama kumi waongeze mwangaza na kugeuza rangi, ile kugeuza rangi inatosha alama ya protini ya izine, kila mutu ataona "mbili" na utalala na jibu yenye haiko.

Hatua ya 5: ngojea saa 48, kisha ya pili

Testi moja ya mustari hafifu ni foto ya siku moja. Yenye inasema kweli ni ya pili. Kwa sababu hCG ya mimba yenye inaendelea inajizidisha mu siku mbili tatu, kurudia kesho yake asubui ni kupoteza feza, tofauti haionekane vizuri. Ngojea siku mbili kamili, mukojo ya asubui tena, bandeleti ya aina ile ile na lo ile ile, minuti zile zile, uweke kando ya foto ya kwanza. Ya aina ingine usilinganishe nayo, kila izine inapaka rangi yake.

Kama ile ya kwanza ilikuwa kukauka na mimba haiko, ya pili ikisomwa mu saa yake itakuwa nyeupe T. Kama ilikuwa mimba, mustari inapashwa kuonekana bila kugeukia dirisha.

Lakini usiifanye kama mita. Weusi wa mustari unabadilika na mukojo, usiku uliamka mara tatu kukojoa basi asubui iko nyepesi. Mwenye anataka hesabu ya kweli, anaenda labo kupima damu, na aseme wazi anataka dozaji ya beta hCG yenye inatoa nambari, ju labo zingine zinaweka damu ku bandeleti tu na kukuandikia "pozitifu", ile haikusaidie hapa. Unapima leo, unarudia kisha saa 48 ku labo ile ile. Chini ya 5 hakuna mimba. Kwa nambari ndogo za mwanzo, kama ya pili haikupanda ata nusu ya ile ya kwanza, kwa mfano 60 ikafika 75 badala ya kupita 90, hapo munganga anapashwa kufuatilia, haiko mwendo ya mimba yenye iko vizuri mu kizazi.

Mufano, siku kwa siku

Tuchukue dada wa Kadutu, regli yake inakuja kila siku 28 bila kukosa. Ya mwisho ilianza tarehe 1 Marsi, kwa hiyo ingine anaingojea tarehe 29. Yai lilitoka karibu na tarehe 14, na tuseme lilijibandika tarehe 24.

Tarehe 26 mangaribi, anapima na mukojo ya mchana. Minuti ya 5: moja. Anaiacha ku dirisha. Asubui anakuta uzi wa majivu ku T, mwembamba. Anaita dada yake mukubwa, yaya anasema hiyo ni mimba, wanaanza kuhesabu mwezi ya kuzaa. Lakini ile ni kukauka. Kumbuka mimba iko kweli mu kizazi ile siku, ilijibandika siku mbili mbele, ila testi haikuiona. hCG yake ingali chini mbali na 25. Ndiyo, testi inaweza kusema uongo na mutu akawa na mimba kweli, vitu viwili havikatazane.

Tarehe 29 asubui, regli haikuja, anapima vizuri. Ku minuti ya 4 mustari ya rozi, nyepesi, pana kama C. Hii sasa ni pozitifu ya kweli.

Tarehe 31 anarudia. Mustari iko, lakini iko vile vile, ao pengine anajidanganya imezidi. Kama mambo ilikuwa inaenda, hCG ilipashwa kuwa karibu mara mbili. Anangojea tena.

Tarehe 2 Aprili mustari imefifia kuliko ile ya tarehe 29. Kutoka pale siku nne zimepita, hCG ilipashwa kuwa karibu mara nne, T ilipashwa kukimbilia rangi ya C. Badala yake inashuka. Tarehe 3 tumbo inauma kama ya regli, damu inakuja, kwa siku ya kwanza nyingi kuliko kawaida na vipande vidogo. Tarehe 10 anapima: moja.

Huyu dada hakudanganywa na testi ya tarehe 29. Alikuwa na mimba, na imetoka ikiwa na wiki nne na siku chache. Ile njo banaitaka mimba ya kemikali: hCG ilionekana, lakini mimba ikasimama mbele ekografi iweze kuona kitu. Kama hakupima angesema tu regli yangu imechelewa siku tano.

Mimba ya kemikali, nini inatokea na nini ya kufanya

Mara mingi yai na mbegu zilikutana na hesabu ya kromosomu haikuwa sawa, mimba ikaanza ikashindwa kuendelea. Haitokake ku kubeba bidoni ya maji kupandisha mulima, haitokake ku motari wa Nyawera kupita mu mashimo, wala ku kulala na bwana. Ninaandika hii ju mama-mukwe anaweza kuanza kutafuta kosa. Na haiko kitu ya mara moja moja: mu utafiti moja ya Amerika yenye ilitoka mwaka 1988, wanawake 221 wenye walikuwa wanatafuta mimba walikuwa wanawekea mukojo yao ya kila siku, na ku mimba 198 zenye zilianza, asilimia 22 zilitoka mbele mutu ajue kwa njia ya kawaida kama ana mimba. Siku hizi testi ni nyepesi na ya bei ndogo, tunapima mapema, kwa hiyo tunaona zile zenye bamama zetu hawakuziona.

Kwa mimba ya ile kipimo, mara mingi haihitaji kusafishwa kizazi wala dawa, mwili unajitosha wenyewe kama regli ya nguvu kidogo. Kwa maumivu parasetamol inasaidia. Pima mukojo tena kisha wiki moja, na kama bado kuna mustari, kisha wiki mbili. Inapashwa kufika ku moja tu. Usiruke hii, ju mutu akisahau kupima halafu mwezi yenye inafuata akapima, hawezi kujua kama ile mustari hafifu ni ya mimba mpya ao ni ya zamani yenye haikuisha. Regli ingine inakuja kawaida mu wiki nne mpaka sita, na yai linaweza kutoka mbele yake, kwa hiyo mwenye hataki mimba sasa ajikinge mara moja. Mwenye anaitaka anaweza kujaribu tena. Ikitokea mara mbili ao tatu kwa kufuatana, ona munganga wa wanawake, kuko vitu vya kupima.

Ile yenye haingojee saa 48

Sasa njoo ku ile sababu inanifanya nisiseme kwa simu "ah, itakuwa imetoka tu." Mimba yenye ilijibandika inje ya kizazi, mu mushipa wa yai, nayo mara mingi inatoshaka hCG yenye inapanda pole pole, kwa hiyo mustari inaweza kubaki hafifu wiki nzima, na damu kidogo-kidogo ya rangi ya kahawa inakuja, mutu anafikiri ni regli ao ni mimba ya kemikali. Mwanzoni bandeleti haiwezi kuzitenganisha. Tofauti ni hii: ya kemikali inashuka haraka mpaka moja, na damu inaisha kama regli. Ya inje mara mingi haishuke vile, mustari inaendelea kuwa pale kisha wiki moja, wiki na nusu, na tumbo inauma zaidi upande moja.

Ukiona mustari, ata hafifu namna gani, na uko na maumivu makali ya tumbo chini, ao upande moja, ao bega inauma bila kuanguka, ao kizunguzungu na kuzimia, ao damu inajaza kotekisi mbili kwa saa moja, hapo hakuna kurudia testi. Ni kwenda lopitali yenye iko na ekografi na chumba cha operasio, kama Jenerali ao Panzi, ata usiku, na usiende na moto peke yako, mutu akusindikize. Ule mushipa ukipasuka damu inatokea ndani, inje unaweza kuona kidogo tu.

Na ile dawa ya "kuleta regli" yenye banauzishaka ku kiosk, usiikunywe ju ya mustari hafifu. Kama mimba iko inje haitaitosha, itakuletea damu utafikiri imekwisha, na yenyewe inaendelea kukomaa mu mushipa.

Kama hakuna alama ya hatari ila mustari haiendi mbele wala nyuma kisha wiki moja, enda ufanye beta hCG mara mbili na ekografi. Ekografi ya mapema sana inaweza kukuta kizazi tupu ata kwa mimba nzuri, ju mufuko wa mimba unaanzaka kuonekana karibu na wiki ya 5 kuhesabia siku ya kwanza ya regli ya mwisho, na ni kwa ekografi ya ndani. Ya juu ya tumbo inachelewa kidogo. Kwa hiyo wakikuambia "hatuone kitu" usitoke pale bila kuuliza siku gani urudie na beta hCG ilikuwa ngapi.

Ukienda, beba karatasi yenye umeandika tarehe ya kwanza ya regli ya mwisho, tarehe ya kila testi na minuti yenye uliisoma, tarehe damu ilianza, na dawa zote ulikunywa, ata za kienyeji. Bandeleti zenyewe acha nyumbani, zimeshakauka.